Rimoti ya slaidi inaruka au haifiki mbali: anza na mahali risiva ilipochomekwa

Kwenye kumbi za mikutano za Arusha na Moshi, malalamiko kuhusu rimoti ya slaidi huja kwa sura mbili. Mtoa mada anabonyeza mara moja na slaidi zinakwenda mbili, tatu, hata sita. Au anashuka jukwaani kuwasogelea washiriki, na rimoti inakata mpaka arudi mezani. Watu huyachukua kuwa matatizo mawili: sura ya kwanza wanasema kitufe kimekufa, ya pili wanasema betri zimeisha. Kwenye kumbi ninazofunga projekta na spika, mara nyingi chanzo ni kimoja, na kipo kwenye kile kidude kidogo kilichochomekwa pembeni mwa laptopu, yaani risiva.

Ili uelewe kwa nini, lazima ujue kompyuta inaionaje rimoti. Kwa kompyuta, risiva ni kibodi. Ukibonyeza kitufe cha mbele, rimoti inarusha ujumbe kwa redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, risiva inaupokea na kuiambia kompyuta kwamba kitufe cha Page Down kimebonyezwa. Ukiachia kidole, ujumbe wa pili unarushwa kusema kitufe kimeachiwa. Ni jumbe mbili, na zote mbili lazima zifike.

Ujumbe wa kwanza ukipotea, slaidi haisogei. Hapo unasema rimoti haifiki mbali. Ukifika wa kwanza na kupotea wa pili, kompyuta inaamini bado umeshikilia kitufe, na kibodi iliyoshikiliwa hurudiarudia herufi. Windows husubiri kama nusu sekunde hivi, kisha huanza kurudia kwa kasi, na slaidi zinamwagika. Hapo unasema rimoti inaruka. Kumbe ni mawimbi yaleyale yanayopotea njiani, ila umepoteza ujumbe tofauti. Kuna risiva ambazo humalizia zenyewe ujumbe wa kuachia, na hizo hazimwagi slaidi hata mawimbi yakiwa mabovu, zinakata tu. Ndiyo maana rimoti mbili kwenye ukumbi mmoja zinaweza kuonyesha dalili tofauti kwa chanzo kimoja.

Kipimo cha kwanza: simama karibu

Kabla hujagusa betri wala kufungua mipangilio, simama nusu mita kutoka kwenye laptopu, elekeza rimoti kwenye risiva pasiwe na kitu katikati, ubonyeze taratibu mara kama ishirini. Tumia faili la slaidi tupu zenye namba tu, bila mbwembwe za mwendo, ili uone wazi kama umetoka 7 ukaenda 8 au 9. Kisha rudi nyuma mita tano au sita na urudie.

Ikiwa karibu inakwenda sawa na mbali inaruka au inakata, kitufe ni kizima na faili ni zima. Tatizo liko hewani. Ikiwa inaruka hata ukiwa umeigusisha karibu na laptopu, redio haina kosa. Angalia kitufe, au mpangilio wa faili lenyewe.

Kipimo hiki kinatosha kwa watu wengi. Ukitaka kuona kwa macho kinachofika kwenye kompyuta, fungua kivinjari, nenda kwenye ukurasa wa `about:blank`, bonyeza F12, chagua `Console`, kisha weka mistari hii:

```
onkeydown = e => console.log('chini', e.key, e.repeat, e.timeStamp)
onkeyup = e => console.log('juu', e.key, e.timeStamp)
```

Chrome inaweza kukuzuia kubandika maandishi mpaka kwanza uandike `allow pasting`. Ukimaliza, bofya sehemu nyeupe ya ukurasa ili ndiyo ipokee vitufe, halafu bonyeza rimoti. Bonyezo zuri huandika mstari mmoja wa `chini PageDown false` na mmoja wa `juu PageDown`, basi. Namba ya mwisho ni muda kwa milisekunde.

Ukiona `chini` moja yenye `false`, kisha `chini` nyingi zenye `true` bila `juu`, ujumbe wa kuachia umepotea. Hilo ni la redio. Ukiona `chini` mbili zote zenye `false`, kila moja na `juu` yake, na katikati zimepita milisekunde chache tu, hapo kitufe kinadunda: vile vibati vya ndani vimechakaa au vimeingia vumbi, vinagusana mara mbili kwa bonyezo moja. Hata kwa macho matupu utofauti unaonekana. Kitufe kinachodunda hurusha slaidi mbili papo hapo. Ujumbe wa kuachia ukipotea, inakwenda slaidi moja, panakuwa na kimya kifupi, kisha zinamiminika.

Tundu la bluu na jirani yake

Tuseme umegundua ni redio. Sasa tazama risiva imechomekwa wapi, na zaidi ya hapo, imechomekwa jirani na nini.

Laptopu nyingi zina matundu ya USB ya aina mbili. La zamani, USB 2.0, kwa kawaida ni jeusi ndani. La kasi, USB 3.0, mara nyingi lina plastiki ya bluu au herufi SS pembeni, ingawa kuna watengenezaji wanaopaka yote meusi. USB 3.0 husafirisha data kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo waya, plagi na kifaa chenyewe huvujisha kelele za redio zinazotapakaa hadi kwenye gigahezi 2.4 mpaka 2.5, palepale ambapo rimoti yako inaongelea. Kampuni ya Intel ilichapisha vipimo vya jambo hili mwaka 2012: karibu na kifaa cha USB 3.0 kinachofanya kazi, kelele kwenye masafa hayo inaweza kupanda kwa karibu desibeli 20.

Desibeli 20 maana yake nguvu ya kelele imezidi mara 100. Mawimbi nayo hufifia kwa mraba wa umbali, kwa hiyo kelele ikizidi mara 100, umbali ambao rimoti inasikika hushuka hadi sehemu moja ya kumi. Rimoti iliyoandikwa mita 15 kwenye boksi inabaki na mita moja na nusu. Ukumbini namba hazinyooki hivyo, maana kuta na dari hurudisha mawimbi, lakini ndiyo sababu mtu anaona rimoti nzuri kabisa ikifanya kazi mezani tu.

Hapa kuna jambo wengi wanalikosea. Tundu la bluu likiwa peke yake, bila kifaa kingine cha kasi jirani, halina madhara makubwa. Risiva yenyewe ni kifaa cha polepole na haitumii ile kasi. Kelele huanza pale unapochomeka hadi diski ya nje, flashi ya kasi au kitovu cha USB-C pembeni yake, na huzidi wakati data inapita. Basi kuhamisha risiva kutoka tundu la bluu kwenda jeusi lililo sentimita mbili kutoka kwenye hadi diski hakusaidii chochote. Linalosaidia ni umbali.

Dokta na ng'ombe wa maziwa

Mfano mmoja wa Moshi unaonyesha vizuri mambo yanavyokwenda. Ilikuwa semina ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka vijiji vya mlimani, ukumbi wa kukodi, washiriki wamekaa kwenye safu ndefu za viti vya plastiki. Mtoa mada alikuwa daktari wa mifugo mwenye laptopu nyembamba isiyo na tundu la HDMI. Kwa hiyo alichomeka kitovu cha USB-C, na kwenye kitovu hicho kikakusanyika kila kitu: waya wa projekta, hadi diski yenye video za ukamuaji, na risiva ya rimoti katikati ya hivyo viwili.

Mezani ilikwenda vizuri. Aliposogea mita nne kuelekea wafugaji, ikaanza kukata. Mbaya zaidi, kila alipomaliza kuonyesha video na kurudi kwenye slaidi, bonyezo la kwanza lilimpeleka kutoka dalili za ugonjwa wa kiwele moja kwa moja hadi slaidi ya shukrani.

Wakati wa chai akaniita. "Fundi, hii rimoti nimeinunua juzi tu, tayari kitufe kimeharibika."

"Pole dokta. Hebu simama hapa karibu kwanza, bonyeza taratibu."

Karibu, slaidi zikaenda moja moja bila kosa. Kitufe kikaondoka kwenye washukiwa. Nikamwomba arudi pale alipokuwa amesimama, na mimi nikaiondoa ile hadi diski kwa utaratibu wa `Eject` na kuichomoa. Akabonyeza, ikashika. Akarudi hadi safu ya tatu ya viti, ikashika. Nikachomeka tena hadi diski na kuanzisha kunakili faili kubwa la video, na palepale rimoti ikafa kwenye mita nne zilezile. Betri hatukuzigusa, maana hapakuwa na haja.

Na kwa nini ilikuwa inaruka baada ya video? Video ilichezwa moja kwa moja kutoka kwenye hadi diski, hivyo data ilikuwa bado inapita alipobonyeza. Ujumbe wa kwanza ulipenya, wa kuachia ukazama kwenye kelele.

Dawa ilikuwa waya wa kurefusha USB wa mita moja, ule wa kawaida wa USB 2.0 wenye jike upande mmoja na dume upande mwingine. Tukauchomeka kwenye tundu la upande wa pili wa laptopu, mbali na kitovu, na ile risiva tukaipandisha juu ya ukingo wa mimbari kwa utepe wa gundi, ikitazama ukumbi. Video tukazinakili kwenye laptopu yenyewe na hadi diski ikarudi kwenye mkoba. Kila moja ya hatua hizo mbili ingeweza kutosha, ila mchana kulikuwa na vikundi vingine na sikutaka kubahatisha. Dokta alimalizia mada yake akiwa katikati ya wafugaji, mita kumi kutoka mezani.

Kama una kitu kimoja cha kuongeza kwenye mkoba wako wa semina, kiwe waya huo. Nusu mita tayari inaleta nafuu kubwa, mita moja ni nzuri zaidi. Usichukue wa mita tatu ukauviringa mezani juu ya hadi diski, hapo risiva utakuwa umeirudisha kwenye kelele.

Mwili wako na bati la mimbari

Mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapendi maji, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Mtoa mada akigeuka kuangalia ukuta wa projekta huku rimoti kaishikilia mbele ya tumbo na laptopu iko nyuma yake, amejiweka yeye mwenyewe kati ya rimoti na risiva. Dalili yake inajulikana: inakata akiangalia upande mmoja, inashika akigeuka. Ukumbi uliojaa watu nao ni mgumu kuliko ukumbi mtupu wa asubuhi ulipofanya majaribio, hasa risiva ikiwa chini kuliko vichwa vya waliokaa. Ndiyo maana naipandisha juu.

Chuma ni kibaya zaidi. Mimbari za bati au aluminiamu, kompyuta ya mezani yenye risiva nyuma karibu na ukuta, laptopu iliyofichwa ndani ya meza ya chuma ya mitambo ya sauti: zote zinafunika risiva. Waya uleule wa kurefusha unatibu hili pia.

Betri

Zinastahili lawama pungufu kuliko zinazopewa, lakini zina dalili zake. Betri ikichoka, umbali hupungua polepole kwa siku, haukatiki ghafla kwa sababu umechomeka kitu. Ukiona rimoti iliyokuwa nzuri jana leo imekufa kwenye ukumbi mpya, usianze na betri.

Kwa rimoti yenye taa ya leza, kipimo chepesi ni hiki: shikilia kitufe cha leza na wakati huohuo bonyeza slaidi. Leza hula umeme mwingi. Ikiwa slaidi zinakwenda leza ikiwa imezimwa na zinagoma ikiwa imewaka, au nukta nyekundu inafifia, betri haziwezi mzigo. Mita ya fundi inaweza kukudanganya hapa, kwa sababu betri za bei ya chini zilizochoka zinaweza kusoma volti 1.4 zikiwa nje bila mzigo, kisha zikaanguka zikianza kufanya kazi. Betri mpya ya alkalaini husoma volti 1.5 au zaidi kidogo. Ikisoma 1.2, ibadilishe kabla ya kikao. Za kuchaji hufanya kazi kwenye volti 1.2 hivi hata zikiwa zimejaa, na kuna rimoti ambazo huzihesabu kuwa dhaifu tangu mwanzo, hivyo kwa siku muhimu weka alkalaini. Zote mbili ziwe mpya kwa pamoja. Ukiona unga mweupe kwenye springi, safisha kwa kifutio cha penseli na spiriti kidogo, uache pakauke.

Waifai, simu na maiki

Waifai ya gigahezi 2.4 iko mtaa mmoja na rimoti yako. Ruta iliyo darini mbali mara chache huleta shida. Inayosumbua ni simu ya mtoa mada iliyowashwa hotspoti na kulazwa juu ya laptopu, sentimita kumi kutoka kwenye risiva. Ihamishe simu mwisho wa meza, au kwenye mipangilio ya hotspoti chagua `5 GHz` kama simu na laptopu zinaikubali. Mazoea yangu ni kuihamisha tu, inachukua sekunde moja.

Maiki zisizo na waya watu huzishuku bure mara nyingi. Nyingi zinatumia masafa ya chini zaidi na hazigusani na rimoti. Zile za dijitali zinazofanya kazi kwenye gigahezi 2.4, ambazo siku hizi ni nyingi kwa sababu ya bei yake, hizo ndizo za kuangalia. Risiva ya maiki isikae pamoja na risiva ya slaidi.

Bonyezo la kwanza halishiki, mengine sawa

Hii ni dalili ya peke yake. Umeongea dakika kumi kwenye slaidi moja, unabonyeza, kimya, unabonyeza tena, inakwenda. Hutokea sana umeme ukikatika na laptopu ikahamia kwenye betri yake, kwa sababu Windows inaweza kulaza matundu ya USB ili kuokoa chaji. Fungua `Device Manager`, tafuta `USB Root Hub` chini ya `Universal Serial Bus controllers`, ingia `Power Management` na uondoe tiki kwenye `Allow the computer to turn off this device to save power`. Kama hubu ziko kadhaa, fanya kwa kila moja. Rimoti zenyewe nazo hulala, na kwa baadhi bonyezo la kwanza ni la kuiamsha tu. Hilo halibadiliki kwa mpangilio wowote wa kompyuta.

Slaidi zinajisogeza hakuna aliyebonyeza

Usitafute mawimbi hapa. Kwenye PowerPoint fungua `Slide Show`, kisha `Set Up Slide Show`, na chini ya `Advance slides` chagua `Manually`. Faili nyingi zinazopitishwa mkono kwa mkono hubaki na muda uliorekodiwa wakati wa mazoezi, na mwenye faili mpya hajui.

Chanzo cha pili ni risiva ya mtoa mada aliyetangulia iliyosahaulika kwenye laptopu ya ukumbi. Yeye amekaa safu ya mbele, rimoti yake iko mfukoni au ndani ya mkoba, na kila akijigeuza inabonyezwa. Hesabu risiva zilizochomekwa kabla ya kuanza. Inapaswa kuwepo moja.

Laptopu ikiwa nyuma ya ukumbi

Kumbi kubwa huweka kompyuta kwenye kibanda cha mafundi nyuma, na mzungumzaji yuko mbele mita ishirini na tano au zaidi. Hapo unaomba zaidi ya kilichoandikwa kwenye boksi, na umbali wa boksi ulipimwa mahali pa wazi. Waya wa kawaida wa USB 2.0 mwisho wake ni mita 5, ukiunganisha mmoja kwa mwingine risiva itatoweka na kurudi. Zipo nyaya za kurefusha zenye saketi ya kukuza mawimbi katikati, nazo hufika mbali zaidi. Kwa kumbi hizo mimi huleta laptopu mbele kwenye mimbari na kurefusha waya wa projekta badala yake, kwa vifaa vinavyopitisha HDMI kwenye waya wa mtandao wa Cat 6, na risiva inabaki hatua chache kutoka kwa mwenye rimoti.